Bango la njia na saa za basi kituoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu walioniona nikihangaika na bango moja la kituo cha Afrikana, barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Basi lenyewe ni Kosta za kukodi zinazobeba wafanyakazi na wanafunzi kutoka Tegeta Kibaoni kwenda Posta, kwa saa zilizopangwa. Daladala za kawaida haziendi kwa saa, zinaondoka zikijaa, kwa hiyo haya hayazihusu sana. Ila yeyote mwenye basi la shule, la kazini, la kanisa au la mkoani linaloondoka kwa saa atayaona yanamfaa.

Bango la kituoni lina tofauti gani na ratiba ya ofisini?

Ratiba ya ofisini ni jedwali kubwa. Vituo vimepangwa upande wa kushoto, safari zimepangwa juu, na kila kisanduku kina saa yake. Dereva anaihitaji, msimamizi anaihitaji. Abiria aliyesimama Afrikana hana kazi nayo, kwa sababu kati ya visanduku vyote vile vinavyomhusu ni vya mstari mmoja tu.

Kosa la kwanza ninaloliona ni mtu kuchukua jedwali lile zima, kulipunguza likae kwenye karatasi, kisha kulibandika lile lile kwenye vituo vyote. Kosa la pili ni baya zaidi: kubandika saa za kuondoka Tegeta peke yake na kumwachia abiria wa Afrikana apige hesabu mwenyewe. Abiria hapigi hesabu. Akiona 12:00 anajua basi linapita hapo saa 12 kamili.

Kwa hiyo kila kituo kina bango lake. Mchoro ni ule ule na mpangilio ni ule ule, lakini saa ni za kituo hicho na alama ya "Uko hapa" iko kwenye kituo hicho. Vituo kumi na kimoja maana yake ni mabango kumi na moja. Ukiongeza upande wa pili wa barabara yanakaribia mara mbili. Si kazi ya kutisha ukishatengeneza moja vizuri, kwa sababu yaliyobaki ni kubadilisha mstari wa saa na kuhamisha alama.

Niandike saa ya Kiswahili au saa ya kwenye simu?

Swali hili ndilo lililonipa tabu kuliko yote, na nimelikosea mwenyewe.

Bango langu la kwanza nililiandika kwa saa za simu, na sikuweka neno lolote pembeni. Kulikuwa na safari ya 6:31, nikimaanisha saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja asubuhi. Siku ya tatu nikapigiwa simu na mama mmoja: "Mwanangu, nimesimama hapa tangu saa sita na nusu, mbona basi lenyewe silioni?" Alifika mchana, jua la utosi, kwa sababu bango lilimwambia saa sita na dakika thelathini na moja. Alisoma sawasawa kabisa. Aliyekosea ni mwandishi.

Ugumu wenyewe ni kwamba tarakimu zile zile zinaishi kwenye saa zote mbili. Angalia safari mbili za bango la Afrikana. Moja inapita saa 12:11 asubuhi, ambayo simu inaionyesha 06:11. Nyingine inapita saa 6:11 mchana, ambayo simu inaionyesha 12:11. Mtu akiona "12:11" bila neno, anaweza kuielewa kwa namna mbili, na zote mbili zina basi. Hapo hata kukisia hakumsaidii.

Ninachofanya sasa ni hiki. Saa kubwa, zile za kusomwa, ni za Kiswahili, na zimepangwa chini ya neno linalotaja wakati wa siku: Alfajiri, Asubuhi, Mchana, Jioni. Neno hilo linaandikwa kwa ukubwa unaokaribia wa saa zenyewe, si kwa herufi za sisimizi. Halafu chini kabisa ya bango naweka mstari mmoja mdogo: "Saa 12:11 asubuhi kwenye simu ni 06:11." Mfano mmoja unatosha kumwonyesha mgeni ni saa zipi zimetumika.

Niliwahi kujaribu kuweka safu mbili, ya Kiswahili na ya simu, ubavu kwa ubavu. Ilionekana nadhifu kwenye kompyuta. Kituoni watu walishika safu isiyo yao. Kama abiria wako wengi ni wageni, kwa mfano basi la hoteli au la uwanja wa ndege, pindua mambo: saa za simu kwa mfumo wa saa 24 ziwe kubwa, na ziandikwe kwa tarakimu nne kila mara, 06:11 na si 6:11. Ile sifuri ya mbele ndiyo inayomwambia msomaji kuwa hii si saa sita.

Kompyuta inaweza kunigeuzia saa yenyewe?

Inaweza, na ni afadhali ifanye hivyo kuliko wewe kugeuza kwa kichwa usiku umechoka. Mimi naweka ratiba nzima kwenye LibreOffice Calc kwa saa za simu, mfumo wa saa 24, halafu safu ya pembeni inageuza. Kama saa iko kwenye kisanduku B2:

```
=MOD(HOUR(B2)+5,12)+1 & ":" & TEXT(MINUTE(B2),"00")
```

Watu wengi hujaribu njia fupi ya kutoa saa sita. Inafanya kazi mpaka unapofika 06:11, ambapo jibu linatoka 0:11, na kwetu hakuna saa sifuri. Hesabu ya hapo juu inaongeza tano kwanza, inabakiza kwa kumi na mbili, ndipo inaongeza moja, kwa hiyo 06:11 inatoka 12:11 na 07:11 inatoka 1:11. Kama Calc yako inakataa alama ya mkato, weka nukta mkato mahali pake, maana inategemea lugha uliyochagua kwenye programu.

Kabla ya kuamini, jaribu saa nne: 06:00, 07:00, 12:00 na 18:00. Lazima zitoke 12:00, 1:00, 6:00 na 12:00. Neno la alfajiri au jioni liandike mwenyewe. Mpaka kati ya alfajiri na asubuhi si wa hesabu, ni wa mazoea ya watu, na saa 11:51 hakuna anayeiita asubuhi.

Saa ya kituo cha katikati naipataje, na foleni ile?

Unapanda basi na daftari. Hakuna njia ya mkato. Umbali wa ramani hautakwambia kitu kuhusu makutano ya Mwenge saa moja na nusu asubuhi.

Nilipanda asubuhi tatu, basi lile lile la saa 12 kamili kutoka Tegeta Kibaoni. Afrikana tulipita dakika ya 11 siku ya kwanza, ya 14 siku ya pili, ya 19 siku ya tatu. Ukiwa na namba hizo tatu, mkono unavutwa kuandika ya katikati, 12:14. Usiandike. Ukiandika 12:14, siku ambayo barabara ni nyeupe basi litapita 12:11, na abiria aliyefika 12:13, ambaye ameheshimu bango lako, atabaki kituoni na ratiba mkononi. Huyo hatakuja kulisoma tena.

Andika ile ya mapema kuliko zote, 12:11, kisha mkubaliane na dereva kwamba akifika kabla ya hapo anasubiri. Abiria akisubiri dakika nane atanung'unika. Akiachwa, amepoteza asubuhi. Bango la kituo linaahidi kitu kimoja tu: basi halitaondoka kabla ya saa hii.

Sekunde usizipandishe kuwa dakika. Dakika 11 na sekunde 40 ni 11. Na pima upya kwa kila kipindi cha siku, maana dakika 11 za saa kumi na mbili asubuhi si dakika 11 za jioni mvua ikinyesha. Kwenye safari zetu za asubuhi na mchana kutoka Tegeta mpaka Afrikana tofauti ilikuwa ndogo, nikaacha 11 kwa zote. Kutoka Mwenge kwenda mbele nisingethubutu.

Niandike pia saa ya kufika mwisho wa safari?

Abiria wanaipenda sana. Mimi nawanyima saa kamili na kuwapa makadirio ya dakika. Pembeni ya vituo vikubwa viwili au vitatu vya mbele naandika "dakika 25 hadi 45" au kama nilivyopima, basi. Kadiri kituo kinavyokuwa mbali ndivyo foleni inavyopanua makadirio, na ukiandika Posta 1:03 utakuwa umesema uongo siku nne kati ya tano.

Vituo nivichore kama ramani au kama orodha?

Kama mstari ulionyooka, ukishuka kutoka juu kwenda chini, kila kituo na kidoti chake, nafasi kati ya vidoti ikiwa sawa. Usijali kwamba baadhi ya vituo viko karibu kuliko vingine. Abiria ndani ya basi hapimi kilomita, anahesabu vituo. Hii si hekima mpya: mchoro wa treni za chini ya ardhi za London alioubuni Harry Beck, uliochapishwa 1933, ulinyoosha reli na kusawazisha nafasi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa basi moja la njia moja huhitaji hata kona zake.

Orodha yetu ya kwenda Posta inakwenda hivi:

Tegeta Kibaoni
Mtongani
Afrikana (uko hapa)
Tangi Bovu
Lugalo
Mwenge
Makumbusho
Victoria
Morocco
Salenda
Posta

Vituo viwili vya juu, ambavyo basi limeshavipita, vipake kijivu na mstari wake uwe mwembamba. Usivifute kabisa. Mtu anayevuka barabara kwa makosa akitaka kwenda Tegeta akiliona jina la Tegeta kwa kijivu, juu ya "uko hapa", anagundua yuko upande usio wake. Ukivifuta anabaki akitafuta.

Kwa nini wima na si ulalo? Majina yetu ni marefu. Ukilaza mstari, "Tegeta Kibaoni" italazimika kuinamishwa au kusimamishwa, na msomaji atageuza shingo. Mstari wa kulala ubakishe kwa bango la ndani ya basi, juu ya madirisha, ambako nafasi yenyewe ni ndefu na nyembamba.

Majina ya vituo niyaandike yapi, ya serikali au ya konda?

Ya konda. Jina linalopigiwa kelele mlangoni ndilo abiria analolijua. Kama kuna ubao wa kituo wenye jina jingine, liandike dogo chini yake, lakini kichwa kiwe kile kinachosemwa. Ukiwa na shaka, simama kituoni nusu saa usikilize. Mimi ndivyo nilivyoacha kuandika "Mbezi Beach" kwenye kidoti cha nne: eneo lenyewe ni kubwa na lina vituo kadhaa, wakati "Tangi Bovu" ni mahali pamoja tu.

Tahajia chagua moja na uishike kwenye mabango yote. Afrikana wapo wanaoiandika kwa c. Hakuna atakayepotea, lakini bango moja likiwa na k na jingine na c, mtu atauliza kama ni vituo viwili.

Niweke sehemu za kuunganisha na mabasi mengine?

Chache sana. Kwetu ni mbili. Mwenge, maana hapo watu wengi hubadilisha daladala, na Morocco, maana hapo kuna kituo cha mwendokasi cha kwenda Magomeni, Kivukoni na Gerezani. Nimeandika maneno, "Mwendokasi", karibu na kidoti cha Morocco. Alama ndogo za mabasi na treni zinapendeza, ila nilipowauliza watu maana yake wengine walisema ni choo.

Ukianza kuorodhesha kila daladala inayopita kila kituo, bango litakufa. Njia za daladala zinabadilika na wewe hutakuwa wa kwanza kuambiwa.

Karatasi iwe kubwa kiasi gani, na herufi?

A3 iliyosimama, yaani milimita 297 kwa 420. A4 ni ndogo mno kwa kituo chenye watu, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama mbele yake bila kumziba mwenzake. A2 ni nzuri kama una mahali pa kuiweka, lakini stationeri nyingi za mtaani zinaishia A3 na gharama inaruka.

Ukubwa wa herufi upangie umbali. Mtu aliyesogea mpaka mita moja anasoma tarakimu za milimita 5 kwa raha. Lakini asubuhi kituo kimejaa, na msomaji yuko nyuma ya watu wawili, mita mbili au tatu. Kwa hiyo saa nimezifanya milimita 10 kwenda juu. Kwenye programu ukubwa huandikwa kwa pointi, na pointi moja ni kama milimita 0.35. Ila ukubwa huo unahesabu pia nafasi ya juu na ya chini ya herufi. Tarakimu yenyewe ni kama asilimia 70 ya hapo. Pointi 40 zinakupa milimita 14 za jumla, na tarakimu ya milimita 10 hivi. Usiamini hesabu peke yake: chapa, chukua rula, pima.

Sehemu moja inahitaji kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, nayo ni kichwa cha juu: KWENDA POSTA. Hicho nimekipa milimita 25. Jina la mwenye basi na nembo yake havina haja ya kushindana nacho. Najua mwenye basi hatapenda. Mpe kona ya chini.

Saa zenyewe nizipangeje zisomeke haraka?

Mstari mmoja kwa kila saa, dakika zikifuatana kwenda kulia. Siku za kazi, Afrikana inatoka hivi:

| | | | |
|---|---|---|---|
| Alfajiri | 11:51 | | |
| Asubuhi | 12:11 | 12:31 | 12:51 |
| | 1:11 | 1:41 | |
| | 2:11 | | |
| | 4:11 | | |
| Mchana | 6:11 | | |
| | 8:11 | | |

Jicho linashuka kutafuta saa, halafu linakwenda kulia kutafuta dakika. Bango la kwanza nilikuwa nimezimwaga saa zote kama sentensi, zikitenganishwa kwa mkato, na watu walikuwa wakisoma kuanzia mwanzo kila mara, kidole kikitembea.

Angalia pia kwamba saa ya tatu asubuhi haipo, na ya tano haipo. Nafasi hizo usiziache wazi kama mistari mitupu, lakini weka pengo dogo kati ya 2:11 na 4:11, mtu aone kuwa hapo katikati hakuna kitu. Bila pengo, aliyefika saa tatu anadhani amesoma vibaya.

Nukta mbili za saa zote zisimame wima kwenye mstari mmoja. Hapa ndipo fonti inapokuhujumu. Fonti nyingi za mapambo zina tarakimu 1 nyembamba na 8 nene, kwa hiyo 1:11 inasinyaa na safu nzima inapinda. Kujaribu ni rahisi: andika 1111, na chini yake 8888. Zikilingana urefu, fonti inafaa. DejaVu Sans na Noto Sans zinafaulu, na zote ni za bure. Baadhi ya fonti zina tarakimu za aina zote mbili ndani yake. Kwenye LibreOffice unaongeza `:tnum` mwisho wa jina la fonti ili kupata zile za upana sawa.

Kama basi lako linapita kila dakika tano au nane, achana na saa. Andika ya kwanza, ya mwisho, na katikati "kila dakika 5 hadi 8". Hakuna anayetafuta 1:17 wakati kuna 1:10 na 1:24.

Jumamosi, Jumapili na sikukuu niziwekeje?

Visanduku tofauti, kila kimoja na kichwa chake: Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siku isiyo na basi usiinyamazie. Andika "Hakuna basi". Watu hawasomi ukimya, na kila Jumapili kutakuwa na mtu amekaa kwenye benchi.

Epuka vinyota na vialama vya aina ya "isipokuwa wakati wa likizo za shule". Msomaji anashika saa, kinyota hakioni. Safari za siku za shule tu zipe kisanduku chao. Sikukuu za Idd zinategemea mwezi, tarehe zake usizichape. Bandika tangazo la muda pembeni.

Rangi?

Nyeusi juu ya nyeupe kwa saa, rangi moja kwa mstari wa njia na alama ya "Uko hapa". Basi. Usiifanye rangi ibebe maana peke yake, kwa mfano nyekundu ni Jumamosi na kijani ni Jumapili, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kwa sababu ya jua.

Jua la Dar halina huruma na wino. Kwenye chapa ya kawaida ya rangi, nyekundu na njano ndizo zinazopauka kwanza, na nyeusi na buluu zinabaki. Niliwahi kuweka "Uko hapa" kwa nyekundu nzuri kabisa. Baada ya miezi michache ilikuwa waridi, kisha ikawa kama doa la chai, na bango likabaki na vituo kumi na kimoja na hakuna popote ulipo. Sasa naitumia buluu iliyoiva, na kidoti cha kituo chenyewe nakifanya kikubwa mara mbili, cheusi, ili hata rangi ikitoroka umbo libaki.

Nimepeleka stationeri, imetoka ndogo. Kwa nini?

Kwa sababu wamefungua faili na kuacha "Fit" kwenye dirisha la kuchapa, na mashine ikalibana bango lienee ndani ya mipaka yake. Waambie wachague "Actual size" au wapige 100%. Na mwenyewe acha ukingo mtupu wa milimita 15 kila upande, ili mashine isiwe na sababu ya kubana chochote.

Peleka PDF, usipeleke faili la LibreOffice wala la programu ya kuchora ya Inkscape. Kompyuta ya dukani ikikosa fonti yako itaweka yoyote iliyo nayo, na safu uliyoinyoosha usiku kucha itapinda mbele ya macho yako. Ukitumia Inkscape, kwenye nakala ya mwisho chagua maandishi yote na ubonyeze `Path > Object to Path`. Baada ya hapo maandishi ni michoro na hayategemei fonti. Kwenye nakala ya mwisho, nimesema. Niliyemfahamu mmoja alifanya hivyo kwenye faili lake la pekee na akalazimika kuandika upya bango zima ili abadilishe saa moja.

Kipimo cha haraka dukani: urefu wa tarakimu. Nilitaka milimita 10. Rula ikisema 7, wamechapa kwenye A4, maana A3 ikishushwa kwenda A4 inabaki asilimia 71.

Linadumuje na mvua?

Kulamineti kunatosha kwa msimu mmoja kama kumefanywa vizuri. Kosa ni kukata plastiki sambamba na karatasi. Maji yanaingia pembeni, karatasi inafyonza, na wiki ya pili ya mvua unaona ukungu wa kahawia ukitembea kuelekea katikati. Acha plastiki tupu ya milimita 8 hivi kuzunguka, na usitoboe matundu ya misumari kwenye karatasi. Toboa kwenye ukingo huo wa plastiki, au gundisha bango lote juu ya ubao.

Stika ya nje iliyobandikwa juu ya bati au plastiki ngumu inadumu zaidi, lakini kumbuka ratiba inabadilika. Hatuhitaji bango la miaka mitano lenye saa za mwaka jana. Zaidi kwenye barabara hii yetu, ambayo ujenzi wa njia ya mwendokasi umehamisha vituo, na kinachoitwa Afrikana leo kinaweza kusogea hatua mia kesho.

Litundike katikati yake ikiwa mita 1.4 hivi kutoka chini. Mrefu atainama kidogo, mfupi atainua macho kidogo, na aliye kwenye kiti cha magurudumu atalisoma. Epuka nguzo nyembamba ya duara, bango linajikunja na saa za pembeni zinapotea nyuma.

Nitajuaje kama linasomeka, kabla sijachapa yote?

Chapa moja, nyeusi na nyeupe, kwa bei ya kahawa. Lipeleke kituoni, lishike kifuani, uwaulize watu watano wasiokujua swali moja: "Samahani, nikitaka kwenda Morocco sasa hivi, basi linalofuata hapa ni saa ngapi?" Halafu nyamaza. Usielekeze kwa kidole, usitikise kichwa.

Tazama kidole chao. Kikienda moja kwa moja kwenye wakati wa siku, kikashuka kwenye saa, kikaenda kulia, liko sawa. Kikianza kwenye orodha ya vituo na kutafuta saa pembeni ya jina la Morocco, mpangilio wako umewadanganya: orodha na saa zimekaribiana mno zikaonekana jedwali moja. Hilo lilinipata. Nikaweka nafasi ya sentimita mbili na mstari mnene kati yake, na juu ya saa nikaandika "Saa za kupita AFRIKANA". Waliofuata hawakukosea.

Akichukua zaidi ya sekunde kumi, hesabu ameshindwa, hata kama jibu ni sahihi. Basi halimsubiri.

Upande wa pili wa barabara naweka nini?

Bango la kurudi, si nakala ya la kwenda. Orodha inaanza Posta na kuishia Tegeta Kibaoni, kichwa ni KWENDA TEGETA, na saa zimepimwa upya. Dakika za kwenda usizigeuze kuwa za kurudi, foleni ya jioni haina undugu na ya asubuhi. Kama unaweza, vichwa vya pande mbili viwe na rangi tofauti, kwa ajili ya mtu anayebandika. Wa kwetu aliyabadilisha mawili, na kwa siku nzima Afrikana ya kwenda mjini ilikuwa inatangaza basi la Tegeta.

Saa moja ikibadilika, nibandike kikaratasi juu?

Siku mbili, sawa. Zaidi ya hapo kitabanduka, na saa ya zamani itatoka tena ikiwa safi kuliko mpya. Chapa bango jipya, na kona ya chini andika toleo na tarehe ya kuanza: "Toleo la 3, linatumika kuanzia Jumatatu tarehe fulani." Weka na namba ya simu ya ofisi, yule mama wa saa sita aliipata hapo.

La zamani likibanduliwa, lichanwe. Letu moja la toleo la kwanza lilionekana limefunika mbao za muuza mihogo hatua chache kutoka kituoni, saa zikitazama juu, na watu walikuwa wanalisoma wakisubiri chenji.